Wanne kati ya wanane tunaomba likizo tarehe zilezile: tupange vipi ili kitengo kisibaki wazi?

Kalamu Nyeusi

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa watu waliowahi kupitia jambo hili, ama kwa upande wa waombaji ama kwa upande wa wanaoidhinisha.

Tuko wanane katika kitengo cha malipo. Mwenzetu wa idara nyingine anafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 15, kiasi cha wiki saba kutoka sasa, na wanne kati yetu tumekusudia kwenda. Safari ni ndefu, kwa hiyo tulikubaliana kila mmoja aombe siku kumi za kazi, kuanzia Jumatatu ya tarehe 10 hadi Ijumaa ya tarehe 21. Wote tuna siku za kutosha za likizo ya mwaka.

Nitatumia herufi badala ya majina. A na B ndio waidhinishaji wa malipo. C, D na E huandaa malipo, na mimi ndiye C. F na G hulinganisha vitabu vyetu na taarifa za benki. H hupokea ankara na kuzihakiki. Wanaotaka kwenda ni A, B, C na F. Tumehesabu, tukaona wanabaki wanne: wawili wa kuandaa, mmoja wa benki na mmoja wa ankara. Kwa hesabu hiyo nusu ya kitengo ipo kazini, na kila meza ina mtu. Tumeandika barua moja ya pamoja yenye saini nne. Je, tuipeleke kama ilivyo?

Haki Kwanza

Pelekeni na msiombe radhi kwa mtu. Likizo ya mwaka ni haki ya mfanyakazi wala si hisani ya mkuu wa kitengo. Maadamu siku mnazo na mmetoa taarifa mapema, hana uwezo wa kuwakatalia. Suala la nani atafanya kazi wakati hampo ni lake yeye, maana ndiyo sababu anaitwa mkuu.

Bawaba

Samahani, pengine sijaelewa vizuri. Kama mnataka ofisi ifungwe kwa wiki mbili, mnaopaswa kuandika barua si ninyi. Kwetu kiwanda hufungwa mara moja kwa mwaka kwa ajili ya matengenezo ya mitambo, na mwajiri ndiye hutangaza kwamba sote tuko likizoni, tupende tusipende. Sijapata kuona wafanyakazi wakiomba jambo hilo wenyewe.

Kalamu Nyeusi

Hapana ndugu Bawaba, kitengo kinaendelea na kazi. Tunaoondoka ni wanne tu, wengine wanabaki.

Mzee wa Ratiba

Nilikaa ofisi ya utumishi kwa miaka mingi, na maombi ya namna hii nimeyapitisha na pia nimeyarudisha. Nitaanza na Haki Kwanza, kisha nirudi kwenye hesabu yenu, ambayo ina tundu kubwa.

Ni kweli kwamba likizo ni haki. Lakini haki ya kupata likizo ni jambo moja, na haki ya kuchagua tarehe ni jambo jingine. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unaeleza katika ibara ya 10 kwamba, pale ambapo tarehe hazijawekwa na kanuni au makubaliano ya pamoja, mwajiri ndiye anayezipanga baada ya kushauriana na mfanyakazi au wawakilishi wake, akizingatia mahitaji ya kazi na nafasi ya mfanyakazi ya kupumzika. Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia, na kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo someni sheria yenu na kanuni za utumishi za mwajiri wenu. Hata hivyo mkuu wenu akiandika kwamba anawapa likizo lakini si kwa tarehe hizo, usidhani kwamba amewadhulumu moja kwa moja.

Sasa hesabu. Umehesabu watu na meza, lakini hukuhesabu madaraka. Katika wanne wanaobaki, nani anaidhinisha malipo? Waidhinishaji wenu ni wawili, na wote wanakwenda harusini. D na E wataandaa malipo kuanzia Jumatatu ya tarehe 10, na malipo hayo yatalala kwa wiki mbili bila mtu wa kuyasaini. Kitengo kitaonekana kina watu, huku hakuna hata ankara moja inayolipwa.

Naomba unijibu maswali matatu kabla sijaendelea. Mishahara hulipwa tarehe ngapi, na maandalizi yake huanza lini? Ni siku zipi hasa ambazo ninyi wanne lazima msiwepo kwa pamoja, ukiacha zile mlizoongeza kwa kupenda tu? Na je, wale wanne wanaobaki mmewaambia?

Kalamu Nyeusi

Nimesoma jibu lako mara mbili, na nakiri kwamba suala la waidhinishaji halikutupitia akilini, labda kwa sababu A na B huwa hawakosekani kwa wakati mmoja.

Mishahara hulipwa tarehe 25, ambayo mwezi huo ni Jumanne, na maandalizi huanza Alhamisi ya tarehe 20. Siku tunazolazimika kuwa pamoja ni za safari na sherehe, yaani Alhamisi ya tarehe 13 hadi Jumatatu ya tarehe 17. Siku nyingine kila mmoja alitaka kupumzika kwao. Wanaobaki wanajua kuna harusi, ila hatujakaa nao rasmi.

Tokeni Mfukoni

Mbona jambo ni jepesi? Kwetu mwidhinishaji akisafiri humwachia mwenzake tokeni na neno la siri. Malipo yanatoka, yeye anakula keki. A amwachie D, akirudi anabadilisha neno la siri, na hakuna aliyepoteza chochote.

Mzee wa Ratiba

Hilo, ndugu yangu, ndilo jambo ambalo lingenifanya nifungue jalada la nidhamu. Malipo hupita mikononi mwa watu wawili ili aliyeandaa asiwe ndiye aliyeidhinisha. Ukimpa D tokeni ya A, umemfanya D aandae na aidhinishe peke yake. Mfumo utaandika kwamba A aliidhinisha malipo saa nne asubuhi, siku ambayo fomu ya likizo inaonyesha kwamba alikuwa safarini. Mkaguzi hahitaji kuuliza zaidi ya hapo. Hata kama fedha zote zilikwenda mahali sahihi, A atajibu kwa kutoa siri, na D atajibu kwa kuitumia.

Nirudi kwa Kalamu Nyeusi. Umesema siku za lazima ni 13 hadi 17. Ukiondoa mwisho wa wiki, hizo ni siku tatu tu za kazi: Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu. Mnataka wote kutoweka siku kumi, wakati sababu inayowaunganisha inahitaji siku tatu. Basi kila mmoja abaki na siku zake kumi mfululizo, lakini mzisogeze, huyu mbele na yule nyuma, zikutane kwenye zile tatu. Kwa mfano:

A: Jumanne tarehe 4 hadi Jumatatu tarehe 17.
C: Alhamisi tarehe 6 hadi Jumatano tarehe 19.
F: Jumatatu tarehe 10 hadi Ijumaa tarehe 21.
B: Alhamisi tarehe 13 hadi Jumatano tarehe 26.

Hesabuni wenyewe mtaona kila mmoja ana siku kumi za kazi. Wanne mnakosekana pamoja siku tatu pekee. Hadi tarehe 12 B yupo na anaidhinisha. Kuanzia tarehe 18 A amerudi. Wewe C unaripoti tarehe 20, siku ileile maandalizi ya mishahara yanapoanza, na A yupo kuiidhinisha. F anarudi tarehe 24, kabla ya kufunga mwezi.

Haki Kwanza

Nakubali nilikwenda mbio kuhusu tarehe. Lakini hapo kwenye siku kumi mfululizo naomba msilegeze. Mkataba huohuo, ibara ya 8, unasema likizo ikigawanywa, sehemu moja iwe angalau wiki mbili za kazi bila kukatwa, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine. Nimewaona wakuu wanaosema "chukueni zile siku tatu tu, nyingine mtachukua baadaye", na hiyo baadaye haifiki.

Mzee wa Ratiba

Hapo uko sahihi, na ndiyo maana nimesogeza badala ya kukata.

Zamu ya Usiku

Mimi si mtu wa ofisi. Ni muuguzi wa wodi, na sisi hatuhesabu kitengo kwa siku bali kwa zamu. Tuliwahi kuomba likizo watano kwa pamoja, na ratiba ilionekana safi kabisa kwa siku nzima. Kasoro ilijitokeza usiku wa pili: kati ya waliobaki, aliyekuwa na uzoefu wa mashine fulani alipangwa mchana peke yake, na usiku hakuwapo hata mmoja. Tulikuwa tumeandika majina kwenye mistari na siku kwenye safu, lakini hakuna aliyeandika nani anajua nini. Sijui kama hili linawahusu watu wa malipo, ila tangu hapo mimi huanza na kazi, kisha ndiyo naweka majina.

Mzee wa Ratiba

Linawahusu sana. Kalamu Nyeusi, chora jedwali ambalo mistari yake si watu, ni kazi: kupokea ankara, kuandaa, kuidhinisha, kulinganisha na benki. Safu ziwe siku za kazi kuanzia tarehe 4 hadi 26. Kila kisanduku kiwe na jina la anayefanya, na chini yake jina la anayeweza kushika akiugua. Kisanduku chenye jina moja tu kipake rangi. Mkuu wako hatasoma maelezo yenu marefu, ataangalia rangi.

Kalamu Nyeusi

Nimechora jioni hii. Kuna sehemu tatu zenye rangi.

Ya kwanza ni uidhinishaji wa tarehe 13, 14 na 17, ambapo hapana jina kabisa. Ya pili ni uidhinishaji wa siku nyingine, kwa sababu A akiwa likizoni yupo B peke yake, na B akiwa likizoni yupo A peke yake. Ya tatu ilinishangaza: G yuko peke yake kwenye benki kuanzia tarehe 10 hadi 21, siku zote kumi. Nilidhani tatizo letu ni A na B, kumbe na F amemwacha G bila msaidizi.

Kwa sehemu ya kwanza tumefikiri hivi: Jumatano ya tarehe 12, kabla B hajaondoka, tulipe ankara zote ambazo muda wake unaishia hadi Jumanne ya tarehe 18. Kwa hiyo katika siku zile tatu D na E wataandaa tu, na A akirudi tarehe 18 ataidhinisha kilichoandaliwa. Je, inatosha?

Mzee wa Ratiba

Kwa malipo yanayotabirika, inatosha, kwa sharti kwamba H asimamishe kupokea ankara za mzunguko huo mapema kidogo, tuseme Jumatatu ya tarehe 10, ili D na E wapate siku mbili za kuandaa. Msipoweka siku ya mwisho ya kupokea, tarehe 12 itakuwa vurugu, na B ataidhinisha rundo la malipo saa kumi na moja jioni huku begi lake liko mlangoni. Makosa mengi ya uidhinishaji niliyoshughulikia yalitokea siku ya mwisho kabla ya likizo.

Lakini yapo malipo yasiyotabirika. Kwa siku hizo tatu lazima awepo mtu mwenye mamlaka, hata kama hatayatumia. Mnaweza kumkaimisha E, lakini angalieni matokeo yake: E akiidhinisha haruhusiwi kuandaa, kwa hiyo maandalizi yanabaki kwa D pekee, na D akipata homa mmekwama. Njia nyingine ni mtu wa ngazi ya juu nje ya kitengo. Vyovyote iwavyo, kukaimu ni kwa barua yenye tarehe ya kuanza na ya kukoma, na kama benki inatambua saini au watumiaji maalumu, mabadiliko hayo yanataka kupelekwa mapema. Wiki saba zinatosha. Wiki moja isingetosha.

Niliyebaki

Nimekuwa nikisoma kimya. Nataka kusema neno kwa niaba ya D, E, G na H, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao katika ofisi ambayo sitaitaja.

Wenzangu watatu waliondoka pamoja wakati nabaki na mwenzangu mmoja. Hakuna aliyetuuliza, tuliletewa ratiba iliyokwisha kupitishwa. Kazi tuliifanya. Kilichoniuma si kazi, ni kwamba miezi miwili baadaye niliomba siku tano, nikaambiwa kitengo kimechoka na likizo, nisubiri. Wale watatu walikuwepo wote, wamepumzika, na hakuna aliyesema "huyu alitubebea". Kalamu Nyeusi, hujasema bado kama mmekaa nao.

Kalamu Nyeusi

Tumekaa nao leo mchana, na nashukuru kwa kunisukuma. D na E walikubali bila shida. H alisema atakubali kama ankara zilizochelewa hazitahesabiwa kuwa kosa lake, jambo ambalo ni haki. G alinyamaza kwanza, kisha akatuambia kwamba naye alikuwa na nia ya kuomba siku mbili katika wiki ya tarehe 17 lakini aliona haya, kwa sababu sote tulikuwa tukizungumzia harusi. Kusema kweli niliona aibu. Tumekubaliana kwamba wanne wanaobaki watachagua tarehe zao kabla yetu katika mzunguko unaofuata wa likizo, na hilo tutaliandika kwenye dokezo.

Swali jingine: barua ya pamoja yenye saini nne tuiache?

Mzee wa Ratiba

Iacheni. Likizo haiombwi na kundi. Kila mmoja ajaze fomu yake, kwa tarehe zake, kwa sababu kila fomu inakatwa kwenye salio la mtu mmoja, na mkuu lazima aweze kumkubali mmoja na kumkatalia mwingine. Barua yenye saini nne inamfanya achague yote au hapana, na kwa baadhi ya wakuu inasomeka kama shinikizo. Zimewahi kuwepo sehemu ambapo wafanyakazi waliomba likizo kwa pamoja badala ya kugoma, kwa hiyo msimlaumu mwajiri anayeshtuka.

Kinachowaunganisha kiwe dokezo la ukurasa mmoja linaloambatanishwa kwenye fomu zote nne. Liseme sababu kwa sentensi moja, lionyeshe jedwali, lieleze mpango wa tarehe 12 na mapendekezo ya kaimu, liwe na saini za wanaobaki kwamba wameona na wameridhia. Na liwe na aya moja ambayo watu huikwepa: mkuu akisema anaweza kuwaruhusu watatu tu, nani anabaki? Amueni sasa, mkiwa bado marafiki.

Tokeni Mfukoni

Hapo wapige kura ya bahati nasibu. Hakuna lawama.

Haki Kwanza

Bahati nasibu hapana. Aliyekosa likizo mwaka uliopita atangulie.

Zamu ya Usiku

Kwetu alitangulia mwenye uhusiano wa karibu zaidi na mwenye sherehe, na hata hilo lilileta maneno. Msitarajie njia isiyoleta maneno.

Kalamu Nyeusi

Tulibishana karibu saa nzima. A alitaka ukubwa wa cheo, na bila shaka mnajua kwa nini. Mwishowe tumeandika kwamba akihitajika mmoja kubaki, atakuwa F, kwa hiari yake mwenyewe, kwa sababu yeye hamjui sana bwana harusi na kubaki kwake kunamwondoa G kwenye upweke. Nanukuu aya hiyo kama ilivyo kwenye dokezo:

"Endapo mahitaji ya kazi hayataruhusu waombaji wote wanne kutokuwepo tarehe 13, 14 na 17, F ameridhia kuahirisha likizo yake, na anaomba apangiwe siku kumi mfululizo kuanzia mwezi unaofuata. Waombaji wengine watatu hawatachukulia uamuzi huo kuwa sababu ya kubadili tarehe zao."

Fomu nne na dokezo vimepelekwa leo. Jambo moja hatujaafikiana: B anasema ataacha simu wazi saa moja kila asubuhi kwa ajili ya maswali, A anasema likizo ni likizo na simu yake itazimwa.

Mzee wa Ratiba

Mimi niko upande wa A, lakini najua wakuu wengi wangempenda B. Kama makabidhiano ni ya maandishi, yaani orodha ya malipo yaliyosimama, sababu ya kila moja kusimama na nani wa kuulizwa upande wa pili, simu hailii. Inayolia ni ile ya aliyekabidhi kwa mdomo akiwa anafunga droo.

Kalamu Nyeusi

Narudi na majibu, siku tisa baadaye.

Mkuu wa kitengo alituita sote wanane, jedwali likiwa mezani. Amekubali likizo za A, B na mimi kwa tarehe tulizoomba. Pendekezo la kumkaimisha E amelikataa kwa sababu ileile aliyoitaja Mzee, kwamba D angebaki peke yake. Mhasibu mkuu ndiye atakayeidhinisha tarehe 13, 14 na 17, kwa malipo ya dharura pekee, na barua imeshaandikwa. Siku ya mwisho ya kupokea ankara ameirudisha nyuma hadi Ijumaa ya tarehe 7, kwa kuwa hakuamini kwamba watoa huduma wetu wataiheshimu Jumatatu.

F hakukataliwa wala kukubaliwa. Mkuu alimwuliza H kama anaweza kujifunza kulinganisha benki kwa wiki tatu zijazo, akikaa na G saa moja kila siku. H amekubali kujaribu, ingawa alikumbusha kwamba ankara zake nazo zina mwenyewe. Akiweza kumaliza ulinganishaji wa siku moja bila msaada, F anakwenda, na G naye anapata siku zake mbili, tarehe 19 na 20. Asipoweza, F anabaki kama tulivyoandika.

Niliyebaki

G amepata siku zake kwa maandishi, au kwa mdomo?

Kalamu Nyeusi

Kwa mdomo. Nimemwambia ajaze fomu kesho asubuhi, na nitamkumbusha.